Sura ya Saba: Anza na Hasara Usiyoweza Kuibeba

Wenye nyumba wengi hununua bima wakianza na swali la bei. Wakala anapiga simu, anataja ada ya mwaka, mwenye nyumba anasema ni nyingi, wakala anapunguza kitu hapa na pale mpaka bei ikubalike, na polisi inatoka. Hakuna aliyedanganywa, ila kilichopunguzwa hakikupimwa na mtu yeyote. Mara nyingi kinachokatwa ndicho kilichokuwa na kazi, na kinachobaki ni kile ambacho mwenye nyumba angekilipia mwenyewe bila kukopa.

Sura hii inaanzia upande wa pili. Kwanza tunapanga hasara zinazoweza kulipata jengo la kupangisha, kuanzia ile ambayo ingekumaliza hadi ile ambayo ingekuudhi tu. Kisha tunanunua bima kutoka juu kushuka chini, na tunasimama pale ambapo mfuko wako wenyewe unaweza kuendelea. Ukifuata mpangilio huo, kiasi cha kutumia kinajitokeza chenyewe.

Tutatumia jengo moja la mfano tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwenyewe tumwite Mama Rehema. Ana jengo la ghorofa tatu Tabata, Dar es Salaam, lenye fleti 12. Kila fleti inapangishwa kwa shilingi 350,000 kwa mwezi, kwa hiyo jengo likijaa linaingiza milioni 4.2 kwa mwezi, sawa na milioni 50.4 kwa mwaka. Alilijenga kidogo kidogo na kulimaliza mwaka 2014. Kwa hesabu zake za daftarini, lilimgharimu kama milioni 500.

Jengo lina thamani tatu, bima inaitaka moja

Ukimuuliza Mama Rehema jengo lake lina thamani gani, ana majibu mawili. La kwanza ni ile milioni 500 aliyotumia. La pili ni bilioni 1.2, ambayo dalali wa nyumba alimwambia angeweza kuipata akiuza leo. Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili hayafai kwenye fomu ya bima.

Bei ya kuuza ina kiwanja ndani yake. Jengo likiungua kiwanja hakiungui. Kesho yake asubuhi kiko palepale na hati yake. Mama Rehema akikata bima ya bilioni 1.2, atalipa ada ya bilioni 1.2 kila mwaka, lakini siku ya hasara kampuni haitalipa zaidi ya gharama ya kulisimamisha tena jengo. Ile tofauti ameitoa bure.

Gharama ya zamani nayo ni hatari zaidi, kwa sababu inapendeza. Inafanya ada ionekane ndogo. Lakini nondo, saruji, mabati na fundi wa mwaka 2014 hawarudi.

Thamani inayotakiwa ni ya tatu: gharama ya kujenga jengo lilelile, leo, kuanzia kwenye kifusi. Njia nzuri ya kuipata ni kumlipa mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa apime na kuandika makadirio. Kazi hiyo hulipiwa mara moja, halafu kila mwaka unarekebisha tarakimu kwa kuangalia bei za vifaa. Tuseme jengo la Mama Rehema lina mita za mraba 900 kwa sakafu zote, na mkadiriaji ameona kila mita ya mraba itagharimu shilingi 900,000. Hiyo ni milioni 810. Juu yake kuna mambo ambayo watu husahau: kubomoa mabaki na kuhamisha kifusi, ada za mchoraji, mhandisi na vibali. Tukiweka asilimia 10 kwa hayo tunapata milioni 81 zaidi, na jumla inakuwa milioni 891. Mama Rehema anaandika milioni 900.

Sasa tuone kinachotokea anapoandika milioni 500 badala ya 900. Wengi hudhani athari yake ni kwamba jengo likiisha kabisa atalipwa milioni 500 tu. Wangekuwa sahihi kama bima ingeishia hapo. Tatizo ni kwamba polisi za majengo huwa na kanuni ya uwiano, na kanuni hiyo inagusa hata hasara ndogo. Ukikatia bima sehemu tu ya thamani, unahesabiwa kuwa umejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki, na kila hasara inagawanywa kwa uwiano huohuo.

Chukua moto ulioanzia jikoni kwenye fleti ya ghorofa ya juu. Mbao za paa zimeshika, fleti mbili zimeharibika, zimamoto wamefika na maji yameshuka hadi ghorofa ya pili. Mkadiriaji hasara anasema matengenezo ni milioni 90. Mama Rehema anajiambia kwamba yuko salama, maana bima yake ni ya milioni 500 na hasara ni 90 tu. Kampuni inafanya hesabu hii: 500 gawanya kwa 900, zidisha kwa milioni 90. Jibu ni milioni 50. Milioni 40 zilizobaki ni zake, sawa na kodi ya jengo zima kwa zaidi ya miezi tisa. Na katika miezi hiyo fleti mbili hazina watu.

Alikuwa ameokoa nini? Tuchukue kiwango cha ada cha asilimia 0.2 ya thamani, kwa ajili ya mfano. Kampuni yako inaweza kutoa cha juu au cha chini kulingana na jengo. Kwa milioni 900, ada ni shilingi 1,800,000. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakuwa 2,124,000. Kwa milioni 500, ada pamoja na kodi hiyo ni 1,180,000. Tofauti ni shilingi 944,000 kwa mwaka, chini ya kodi ya miezi mitatu ya fleti moja. Hiyo ndiyo bei ya ile milioni 40.

Kuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kusaini. Swali la kwanza: je, polisi inalipa gharama ya kujenga upya, au inatoa uchakavu? Polisi inayotoa uchakavu itaangalia paa lako la miaka 10 na kulipa nusu paa, wakati dukani hakuna anayeuza nusu bati. Hata polisi inayolipa upya hudai ujenge kweli. Ukichukua fedha na kuachana na kiwanja, unarudishwa kwenye hesabu ya uchakavu. Swali la pili: kanuni ya uwiano inaanza kufanya kazi wapi? Baadhi ya polisi za kujenga upya humvumilia mteja ambaye thamani aliyoandika imefikia asilimia 85 ya gharama halisi. Nafasi hiyo ni ya kufidia kupanda kwa bei katikati ya mwaka. Usiitumie kama punguzo.

Mtego wa bima ya benki

Mwenye nyumba aliyekopa husema mara nyingi, "Bima ninayo, benki walinikatia." Mwombe akuonyeshe karatasi. Mara nyingi utakuta mojawapo ya mambo mawili.

Huenda ni bima ya maisha ya mkopaji, inayolipa deni akifariki. Hiyo haina habari na moto. Au ni bima ya jengo kweli, lakini thamani iliyoandikwa ni kiasi cha mkopo. Mama Rehema akikopa milioni 200, benki inataka milioni 200 zake zilindwe, na ikishalindwa imemaliza hofu yake. Jengo la milioni 900 lililokatiwa bima ya milioni 200 linaangukia kwenye uwiano wa mbili kwa tisa. Ile hasara ya milioni 90 italipwa milioni 20, na jina la kwanza kwenye malipo ni la benki.

Dawa yake ni kuikubali benki kama mnufaika hadi kiwango cha deni, huku thamani ya jengo ikiandikwa kamili. Benki haina sababu ya kukataa.

Ngazi, tanki na mtoto wa jirani

Baada ya jengo lenyewe, watu wengi hukimbilia wizi, vioo na pampu. Mimi naweka kitu kingine nafasi ya pili, kwa sababu ndicho pekee ambacho hakina dari. Hasara ya jengo haiwezi kuzidi jengo. Lakini madai ya mtu aliyeumia kwenye eneo lako yanaweza kuzidi chochote ulicho nacho.

Zunguka jengo la Mama Rehema. Nyuma kuna mnara wa chuma wenye tanki la lita 5,000. Likijaa, maji peke yake ni tani tano, na miguu ya mnara imeanza kushika kutu pale inapoingia kwenye zege. Upande wa ukuta wa jirani, hatua tatu kutoka kwenye mnara, watoto wanacheza. Kwenye ngazi, bomba la kushikilia la ghorofa ya pili linacheza ukilitikisa, kwa sababu skrubu mbili kati ya nne hazipo. Taa ya ngazi haiwaki. Hakuna lolote kati ya haya linaloweza kuteketeza jengo, lakini kila moja linaweza kumpeleka mtu Muhimbili na kumpeleka Mama Rehema mahakamani.

Bima ya dhima kwa mtu wa tatu hulipa fidia anayodaiwa mwenye jengo mtu akiumia au mali yake ikiharibika kwa uzembe wa mwenye jengo, pamoja na gharama za wakili ndani ya masharti ya polisi. Inanunuliwa kwa kikomo: kiasi cha juu kwa tukio moja, na kiasi cha juu kwa mwaka mzima. Angalia vyote viwili. Fleti 12 zina watu kati ya 40 na 60 usiku, na tukio moja linaweza kugusa wengi. Kwa mfano wetu, Mama Rehema anachukua kikomo cha milioni 200 kwa tukio, na tuseme ada yake ni 350,000; pamoja na kodi ya ongezeko la thamani inakuwa 413,000. Uliza pia bei ya milioni 400. Kwa kawaida kupandisha kikomo mara mbili hakupandishi ada mara mbili, kwa sababu madai madogo ni mengi kuliko makubwa.

Kuna jambo ambalo bima hii haitakufanyia. Jengo likiporomoka kwa sababu lilijengwa vibaya, au kwa sababu uliongeza ghorofa juu ya msingi usioiweza, usitegemee kampuni ilipe; kasoro za usanifu na ujenzi ni miongoni mwa mambo yanayotengwa kwenye polisi za kawaida. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Fedha za kuzuia janga la aina hiyo hulipwa kwa mhandisi kabla ya kuongeza tofali, na bima haiwezi kuchukua nafasi yake.

Mlinzi na mfanya usafi wako katika fungu lao. Hao hawahesabiwi kuwa watu wa tatu kama umewaajiri mwenyewe. Mwajiri wa Tanzania anatakiwa kujisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Mama Rehema anawalipa wawili hao jumla ya 500,000 kwa mwezi, kwa hiyo mchango ni shilingi 2,500. Kama mlinzi ameletwa na kampuni ya ulinzi, mwajiri wake ni kampuni hiyo, na unachotakiwa kufanya ni kuomba uthibitisho kwamba inamchangia.

Kodi iliyokwisha kuliwa

Nafasi ya tatu ni kodi itakayokosekana. Hapa Dar es Salaam hasara hii ina sura yake. Wapangaji wengi hulipa mbele, miezi mitatu au sita. Jengo likiungua Machi, mpangaji aliyelipa Januari hadi Juni atakuja kudai miezi yake iliyobaki, na mwenye nyumba ameshalipia ada za shule kwa fedha hiyo. Kwa hiyo pengo lina pande mbili: kodi mpya haiingii, na ya zamani inatakiwa irudi.

Bima ya kupotea kwa kodi hufidia kodi ambayo jengo lingeingiza kama lisingeharibika. Ina masharti mawili yanayoeleweka vibaya. Kwanza, inalipa tu pale kodi imekosekana kwa sababu ya janga lililomo kwenye polisi. Mpangaji asiyelipa, au fleti iliyokaa tupu kwa sababu wapangaji wamehamia mtaa wa pili, ni biashara yako mwenyewe. Pili, inalipa kwa muda uliochagua, na muda huo ndio watu hukosea.

Wengi huchagua miezi sita kwa kudhani ujenzi ni miezi sita. Hesabu kutoka siku ya moto. Miezi miwili inaisha kwenye ukaguzi, maelezo ya Jeshi la Polisi na zimamoto, na majadiliano na mkadiriaji hasara. Michoro na kibali cha ujenzi vinaweza kula miezi miwili mingine. Kujenga ghorofa tatu ni miezi 10 hadi 12. Kisha jengo jipya halijai siku moja. Weka miezi miwili. Unafika miezi 18. Kwa Mama Rehema, milioni 4.2 mara 18 ni milioni 75.6. Kwa kiwango kilekile cha asilimia 0.2, ada ni 151,200, na pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ni shilingi 178,416. Kwa kinga ya mwaka mmoja na nusu wa kipato, hiyo ni fedha ndogo.

Kama una mkopo, hiki ndicho kinacholipa marejesho jengo likiwa kifusi. Benki haisimamishi riba kwa sababu ya moto.

Mabaya ya mahali ulipo

Moto na radi huwa ndani ya polisi tangu mwanzo. Mafuriko, dhoruba, tetemeko, kupasuka kwa mabomba, gari kugonga jengo, na ghasia na migomo ni mambo ya kusoma moja moja, kwa sababu kampuni moja inaweza kuyaweka na nyingine ikayaacha, au ikayaweka kwa kikomo kidogo.

Hapa ramani ndiyo inayopanga vipaumbele. Bonde la Msimbazi limejaa maji mara nyingi. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Tabata ina sehemu za mwinuko na sehemu zinazoshuka kuelekea bondeni. Usitegemee jina la mtaa. Tafuta alama ya maji kwenye kuta za majirani walioko chini yako, na uwaulize waliokaa hapo kabla ya 2011 maji yalifika wapi. Kama yalifika kwenye kizingiti chako, mafuriko yapande juu ya orodha, na usome kiasi utakachobeba mwenyewe kwa mafuriko, kwa kuwa huweza kuwa kikubwa kuliko kile cha moto. Kama uko juu ya kilima, chukua mafuriko yakija bila nyongeza kubwa, vinginevyo yaache.

Neno maji kwenye polisi nalo lina mipaka. Bomba lililopasuka ghafla usiku na kumwaga maji fleti tatu linaweza kulipwa. Bomba lililokuwa likivuja ukutani miezi minane mpaka rangi ikavimba halilipwi. Huo ni utunzaji. Mvua inayopenya kwenye paa bovu haina tofauti na hilo.

Kuhusu ghasia, soma kwa makini. Ghasia na migomo ni kifungu kimoja. Vurugu za kisiasa na ugaidi mara nyingi ni kingine, chenye ada yake. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, wafanyabiashara waligundua kwa uchungu kwamba kifungu walichokuwa nacho hakikuwa kile walichokihitaji. Jengo lililo barabara kuu, karibu na kituo cha mafuta au ofisi ya serikali, lina sababu ya kuuliza bei yake. Jengo la ndani ya mtaa lina sababu ndogo zaidi.

Mahali pa kubana matumizi

Mpaka hapa Mama Rehema ana jengo 2,124,000, dhima 413,000 na kodi 178,416. Jumla ni shilingi 2,715,416, karibu asilimia 5.4 ya kodi ya mwaka. Ni fedha. Kama anataka kupunguza, swali ni apunguzie wapi.

Asipunguze thamani ya jengo wala muda wa kodi. Apandishe eksesi, yaani sehemu ya kila hasara anayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi, wakala akiwa amekaa kibarazani na mafaili yake:

"Mama, hii ya eksesi ya laki tano ndiyo wateja wanaipenda. Ukipata tatizo dogo tunakulipa."

"Na nikisema nibebe mwenyewe mpaka milioni tano?"

"Utabeba hasara ndogo zote peke yako, mama."

"Mwanangu, pampu ikiungua nakwenda Kariakoo nanunua siku hiyohiyo. Kwako nitajaza fomu mwezi mzima. Niambie ada inashuka kiasi gani."

Hilo ndilo swali la kuuliza, na jibu lake lipimwe. Tuseme kiwango kinashuka kutoka asilimia 0.2 hadi 0.17. Kwa milioni 900 ni punguzo la 270,000, na pamoja na kodi ya ongezeko la thamani anaokoa 318,600 kwa mwaka. Kwa upande wa pili, siku ya hasara atabeba milioni 4.5 zaidi. Gawanya 4,500,000 kwa 318,600: unapata kama miaka 14. Kama jengo lake halipati hasara ya kiwango hicho zaidi ya mara moja katika miaka 14, eksesi kubwa inamlipa. Kama wakala angesema punguzo ni 50,000 tu, hesabu ingetoa miaka 90, na angebaki na eksesi ndogo bila kusita.

Kuna sharti moja. Milioni tano ziwepo kweli, kwenye akaunti isiyoguswa kwa harusi wala michango. Asiyekuwa nazo hajapandisha eksesi; amebaki na tundu kwenye bima yake. Anaweza kuanza na eksesi ndogo na kuipandisha akiba ikikua.

Vitu vingine vinavyoweza kuondoka bila majuto ni bima ya vioo, pampu na wizi wa vifaa vya jengo. Vitu vya wapangaji navyo si vyako kuvikatia. Televisheni ya mpangaji ikiungua, polisi yako haiijui, isipokuwa moto umesababishwa na uzembe wako, na hapo ni kazi ya bima ya dhima. Andika hivyo kwenye mkataba wa pango kwa sentensi moja iliyo wazi, ili siku hiyo pasiwe na mshangao.

Kama ghorofa ya chini ina fremu za biashara, kuna jambo la ziada: Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliingiza majengo ya biashara kwenye orodha ya bima za lazima. Muulize dalali wa bima jengo lako la mchanganyiko linahesabiwaje, na akujibu kwa maandishi.

Jinsi bima nzuri inavyoharibika

Polisi iliyonunuliwa vizuri Januari inaweza kuwa karatasi tu ifikapo Oktoba, kwa sababu jengo limebadilika na kampuni haijaambiwa. Mpangaji wa chini ameanza kuuza mitungi ya gesi, na mitungi 20 imepangwa chini ya ngazi. Mwingine amefungua kazi ya kuchomelea kwenye varanda. Fleti nne ziko tupu kwa ukarabati wa miezi mitatu. Polisi nyingi hutaka kuarifiwa matumizi yakibadilika, na nyingi huweka kikomo cha siku, mara nyingi 30, na jengo likikaa tupu kupita hapo baadhi ya kinga hukatika. Ujumbe mfupi kwa wakala hautoshi kama hukupata jibu la kampuni.

Umeme ndio sehemu mkadiriaji hasara atakayoanza nayo. Fungua chumba cha mita. Kama kuna waya zilizoungwa kwa nailoni, au swichi kuu imejaa masizi, mwite fundi umeme mwenye leseni, atengeneze na akuandikie cheti chenye tarehe. Weka nakala nje ya jengo, pamoja na polisi yenyewe, stakabadhi, makadirio ya mkadiriaji majenzi na picha za kila fleti. Watu hufungia nyaraka za bima ya moto kwenye kabati la jengo lilelile.

Malipo yafanye kwenye akaunti ya kampuni ya bima, kabla ya tarehe ya kuanza. Ada isipolipwa kinga haijaanza, hata kama wakala ameshakuletea kalenda. Kisha hakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwamba polisi yako ipo. Ni kazi ya dakika chache kwa simu, na ndiyo njia ya kujua kama karatasi uliyopewa ni ya kweli.

Mwezi mmoja kabla ya polisi kuisha, Mama Rehema anatakiwa kukaa na karatasi moja na kupitia mambo manne kwa mpangilio huu: gharama ya kujenga upya imepanda kiasi gani, kodi ya mwezi sasa ni ngapi, nani na nini kimebadilika ndani ya jengo, na akiba yake ya hasara ndogo imefika wapi. Mawili ya kwanza yanapandisha ada, la tatu linailinda isije ikawa bure, na la nne ndilo pekee lenye haki ya kuipunguza.